Kiwanda Kilichofunikwa: Uchambuzi wa Kisa cha Nyumba ya Mawe Lamu

## Usuli

Nyumba ya kisa hiki iko katika mitaa ya mawe ya mji mkongwe wa Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya Unesko mwaka 2001. Mtaa wenyewe na jina la ukoo nimeviacha, na baadhi ya mambo ya kifamilia nimeyageuza kidogo ili wenyewe wasitambulike. Mimi niliitwa mwishoni, kazi ilipokwisha kuharibika, kuangalia kwa nini nyumba iliyokaliwa na vizazi kadhaa bila malalamiko ilikuwa ghafla haikaliki baada ya kufunikwa kiwanda chake, yaani uwanja wa ndani usio na paa.

Marehemu baba aliacha mjane, watoto watano na mama yake mzazi, bibi mzee aliyekuwa amepooza miguu. Watoto wawili wako Mombasa na mmoja Maskati. Waliobaki nyumbani walikuwa bibi, mama, kaka mkubwa na mkewe, na binti wa mwisho ambaye alikuwa anakaribia kuolewa. Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Kwa desturi ya watu wa Lamu wenye nyumba za mawe, binti haondoki kwao. Mume ndiye huja. Kwa hiyo familia ilihitaji chumba.

## Ramani ya nyumba

Kisa hakieleweki bila ramani, kwa hiyo nitatembea na msomaji kutoka njiani hadi ndani.

Njia ni nyembamba, punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida, na kuta za pande zote mbili huitia kivuli karibu siku nzima. Ukifika kwenye nyumba kuna daka: kibaraza kilichofunikwa, chenye viti vya mawe kulia na kushoto. Mgeni asiyejulikana huishia hapo. Kisha ni mlango wa kuchonga, mbao mbili zinazofungukia ndani. Ukivuka kizingiti unaingia tekani, ukumbi mdogo uliopindwa makusudi ili aliyesimama njiani asione chochote hata mlango ukiwa wazi. Kutoka tekani kuna njia mbili. Moja hupita pembeni mwa kiwanda hadi sabule, chumba cha wageni wanaume, na nyingine yatoka kiwandani penyewe.

Kiwanda ni uwanja wa ndani usio na paa. Katika nyumba hii kilikuwa na kina cha kama mita nne na upana wa mita tano. Upande wake wa kusini, bila mlango wala ukuta kati yao, unafunguka msana wa tini, na nyuma yake msana wa yuu. Misana hii ni kumbi ndefu nyembamba, na sakafu hupanda kidato kimoja kila unapoingia ndani zaidi. Baada ya msana wa yuu kuna ukuta wenye milango, na nyuma ya ukuta huo kuna ndani, chumba cha mwenye nyumba, chenye zidaka, yaani vishubaka vya chokaa, ukutani. Mwisho kabisa ni nyumba ya kati, chumba kisicho na dirisha, ambamo kwa desturi wanawake walijifungulia na maiti zilioshewa. Choo kiko pembeni na birika lake la maji. Jiko liko juu darini, kidari cha meko, chini ya makuti, ili moshi na joto la moto visishuke kwa watu.

Wembamba wa vyumba si mtindo tu. Dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwezi kubeba vizuri nafasi inayozidi takriban mita tatu. Juu yake hupangwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha zege la chokaa. Sakafu ya namna hii yenye unene wa sentimita thelathini ina uzito wa karibu nusu tani kwa kila mita ya mraba. Ndiyo maana kuta zake ni za nusu mita: zinabeba mzigo huo kwanza, na mambo ya joto yanafuata.

## Yaliyofanyika, kwa mfululizo

Kaka mkubwa alianza na bibi. Kiti chake cha magurudumu hakikuweza kuvuka kizingiti cha mlango wa kuchonga, ambacho ni gogo lililoinuka zaidi ya shubiri moja. Alimwita seremala, akakikata katikati. Nia ilikuwa njema kabisa, na bibi aliweza tena kutoka kwenda kukaa dakani jioni.

Baada ya miezi michache ikaja kazi ya chumba cha binti. Kulikuwa na njia mbili: kujenga juu ya dari, kama watu wa Lamu walivyofanya siku zote binti anapoolewa, au kutumia nafasi ya kiwanda. Wa Mombasa na wa Maskati, waliokuwa wakichangia fedha, walipendelea kiwanda. Waliona uwanja mtupu, ukuta umekwisha simama pande tatu, gharama ndogo, kazi ya haraka. Pia walisema kwamba dari ya zamani haiaminiki. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, ila hakuna aliyepanda kuipima.

Nusu ya kiwanda ikajengwa chumba cha matofali ya saruji chenye dari ya zege. Nusu nyingine ikafunikwa mabati, na mteremko wake ukaelekezwa kwenye ukuta wa msana ulio juu ya uwazi wake, na mfereji wa bati ukawekwa mahali mabati yanapokutana na ukuta. Kwa kuwa mafundi walikuwa tayari nyumbani, wakaambiwa wamalizie na kuta za msana ambazo chokaa yake ilikuwa ikimeguka chini. Wakabandua chokaa, wakapiga lipu ya saruji hadi usawa wa kifua, wakamalizia kwa rangi ya mafuta. Ruhusa haikuombwa, ingawa katika mji huu mabadiliko ya namna hiyo yanahitaji idhini.

Harusi ilifanyika katika nyumba iliyong'aa. Kisha ikaingia kaskazi.

Mama alikuwa wa kwanza kusema. Alasiri msana ulikuwa na joto la kukaba, na usiku haukupoa. Yakawekwa mapangaboi mawili, yakawa yanazungusha hewa ileile. Masika yalipofika, rangi ya mafuta ilianza kufura na kupasuka juu kidogo ya mstari wa saruji, na unga mweupe wa chumvi ukaanguka sakafuni kila asubuhi. Boriti mbili za msana wa tini, upande wa mabati, zikaonekana zimeinama. Mlango nao ukaanza kukwaruza chini, na baada ya muda tumbuu haikufika tena kwenye pete yake.

Lakini jambo lililowafanya wanitafute lilikuwa jingine: mama na mkamwana walikuwa wamehamia ndani na hawatoki. Chumba kipya kilikuwa kimeziba njia ya sabule, kwa hiyo wageni wa kaka mkubwa walikuwa wanaketishwa msanani. Kila mgeni akibisha hodi, wanawake huinuka, huchukua kazi zao na kuingia chumba chenye giza kuliko vyote. Mama aliniambia, "Mwanangu, mimi nimekuwa mgeni, na wageni ndio wenye nyumba."

## Uchunguzi

Sikutumia chombo chochote cha bei. Kwanza tulifukiza ubani kwenye chetezo, tukauweka katikati ya msana wa yuu saa tisa alasiri, kisha tena baada ya magharibi. Mara zote mbili moshi ulipanda, ukajitandaza chini ya boriti na kukaa. Katika nyumba ya jirani yenye ramani ileile na kiwanda kilicho wazi, moshi wa jioni ulijivuta wenyewe kuelekea kiwandani na kupotea juu.

Boriti tulizipima kwa msumari mrefu. Ukiusukuma kwa mkono kwenye boriti nzima, unakwama. Kwenye boriti iliyooza unaingia bila kubishana. Katikati ya dari boriti zote zilikuwa nzima. Ncha za boriti saba, pale zinapoingia ukutani upande wa mabati, zilikuwa laini. Hilo ni la kukumbuka kwa anayekagua nyumba kama hizi: boriti huozea ndani ya ukuta, mahali jicho halifiki, na katikati huendelea kuonekana salama hadi siku inapotoka ukutani.

Unyevu ulikuwa wa aina mbili, na ilikuwa muhimu kutozichanganya. Alama ya kwanza ilikuwa ya mlalo, ikiuzunguka msana mzima kwa usawa mmoja. Haikubadilika mvua ikinyesha au isiponyesha. Hayo ni maji ya ardhini yanayopanda. Alama ya pili ilikuwa ya wima, kama machirizi, kutoka chini ya mfereji wa bati, na kila mvua iliitia weusi upya. Hayo ni maji ya paa, na ndiyo yaliyoozesha ncha za boriti.

## Maamuzi na sababu zake

Kikao cha familia kilifanyika kwa simu na ana kwa ana, na hakikuwa cha utulivu. Waliotoa fedha hawakufurahi kusikia kwamba kilichojengwa kivunjwe. Kaka mkubwa alipendekeza kutoboa mabati na kuweka feni ya kutoa hewa. Niliipinga rai hiyo kwa sababu moja: feni ingetoa hewa, lakini isingerudisha njia ya sabule, wala maji ya paa yasingeacha kumwagikia ukutani.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuondoa mabati yote, na kubomoa kile chumba cha saruji baada ya mbadala kupatikana. Mbadala ulikuwa juu ya dari. Tulipanda tukachimba kishimo kidogo kwenye sakafu ya juu ya chumba cha ndani, tukaona zege la chokaa kavu na boriti ngumu. Kwa kuwa dari yenyewe tayari ina mzigo mkubwa, chumba kipya hakikujengwa kwa mawe. Kilijengwa kwa fremu ya mbao na makuti, na nguzo zake zikasimama juu ya kuta za chini, wala si juu ya boriti. Safari hii ruhusa iliombwa kwanza, na masharti yaliyokuja nayo kuhusu urefu na vifaa yalilingana na tulichokuwa tunataka kufanya.

Uamuzi wa pili ulihusu saruji. Ilibanduliwa kwa patasi na nyundo ndogo, taratibu, kwa sababu ikishikamana sana hutoka na sehemu ya jiwe la matumbawe. Kisha ukuta uliachwa uchi kiangazi kizima. Familia iliona hili kuwa uvivu wa mafundi, na ilibidi kueleza mara nyingi kwamba ukuta wa nusu mita hauwezi kukauka kwa wiki mbili. Wakati huo chumvi ilikuwa ikitoka na kufagiwa kwa brashi kavu. Ukiosha kwa maji unairudisha ukutani. Baadaye ndipo ikapigwa lipu ya chokaa na mchanga, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikiloweshwa kwa siku kadhaa. Chokaa hushika kwa kunyonya hewa ya kaboni polepole. Ikikaushwa haraka na jua hubaki unga.

Boriti saba hazikutolewa zote. Mbili zilizoinama zilibadilishwa. Tano, ambazo uozo wake ulikuwa mfupi, ziliunganishwa kila moja na boriti mpya ubavuni, iliyoingia ukutani kwa ncha nzima. Kung'oa boriti saba zinazofuatana kungetaka kubomoa sakafu yote ya juu.

## Mlango

Mlango nauweka peke yake kwa sababu ulitufundisha zaidi ya tulivyotarajia.

Mlango wa namna hii hauna bawaba. Kila ubao una ncha ya mviringo juu na chini, nayo huzunguka ndani ya tundu: la juu liko kwenye kizingiti cha juu, la chini kwenye kizingiti cha chini. Miimo miwili ya pembeni imechomekwa katika vizingiti hivyohivyo. Kwa maneno mengine, kizingiti cha chini ndicho kinachofunga fremu nzima isipanuke. Seremala alipokata katikati hakugusa matundu, na pengine aliona hakuna madhara. Lakini fremu ilikuwa imefunguka chini, mwimo wa kushoto ukasogea kidogo kidogo kila mlango ulipofungwa, na ubao wake ukashuka hadi kukwaruza. Mfaa, ule ubao wa katikati wenye nakshi nyingi unaofunika mwanya wa mbao mbili, ukaacha kukutana na ubao wa pili.

Wakati huo dalali alikuwa amekwisha fika na kumwambia kaka mkubwa kwamba mlango umeharibika, na kwamba angemtafutia mteja. Ni vizuri watu wajue kuwa sheria ya makavazi na urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inataja milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa vitu vinavyolindwa. Haung'olewi na kuuzwa kama kabati.

Seremala mwingine, mchongaji, aliunga kipande cha mbambakofi mahali palipokatwa kwa kiungo kirefu cha mshazari kilichofungwa kwa vigingi vya mbao, baada ya kuurudisha mwimo kwa kamba na kabari. Kwa bibi kilitengenezwa kipande cha mteremko cha mbao, viwili kwa kweli, kimoja kila upande wa kizingiti, vinavyowekwa na kuondolewa. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya kukata kizingiti mara ya kwanza.

## Matokeo

Kaskazi iliyofuata, mapangaboi ya msana yalizimwa jioni. Moshi wa ubani ulielekea kiwandani. Wageni wa kaka mkubwa wanapita tekani hadi sabule, na wanawake wamerudi kufanya kazi zao msanani mchana kutwa. Rangi ya mafuta haikurudishwa. Kuta zimepakwa chokaa nyeupe, na mwanga wa kiwanda unafika hadi kwenye zidaka.

Si kila kitu kilipona. Chumba cha makuti cha binti kina upepo mzuri usiku lakini mchana wa kaskazi ni moto, na yeye na mumewe hushuka msanani hadi alasiri. Sehemu moja ya ukuta wa mashariki bado inatoa chumvi. Nyuma yake kuna shimo la choo la jirani, na hakuna lipu itakayoshinda hilo.

## Uchambuzi

Watu husema nyumba za mawe ni baridi kwa sababu ya unene wa kuta. Ni kweli nusu. Ukuta mnene hufanya kazi vizuri mahali penye mchana wa moto na usiku wa baridi, kwa sababu hupokea joto mchana na kulitoa usiku. Pwani yetu haiko hivyo. Tofauti ya mchana na usiku ni ya nyuzi chache tu, kwa hiyo ukuta hauna usiku wa baridi wa kutegemea. Jioni huanza kulitoa joto lake ndani ya nyumba, na kama hewa haina pa kutokea, unalala nalo. Kiwanda ndicho kinachokamilisha kazi ya ukuta: kikiwa wazi, hewa yenye joto hupanda na kutoka, na sakafu na kuta zake huipa mbingu joto lake usiku. Familia iliacha kuta zote zilipo na kufunika kiwanda, na nusu ya mfumo iliyobaki ikawageuka.

Upande kinapokaa kiwanda una maana pia. Lamu iko nyuzi mbili na kitu kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Machi, miezi ambayo ndani yake ndimo mna joto kali zaidi, jua la adhuhuri huwa kusini au karibu na utosi, na msana unaotazama kaskazini haupigwi na jua moja kwa moja. Wakati huohuo upepo wa kaskazi unatoka upande ule msana unakotazama. Mwezi Juni jua huhamia kaskazini na kuingia kiwandani, lakini hapo ni majira ya kusi na joto limepungua. Chumba kipya kilikuwa kimejengwa upande uleule unaoleta upepo.

Kosa la saruji limo katika kanuni hiyohiyo ya kuziba. Jiwe la matumbawe hunyonya maji ya ardhini, na msingi wa nyumba hizi hauna kizuizi. Chokaa haizuii maji. Inayaacha yatoke chini, ikimeguka yenyewe badala ya jiwe, na kupakwa upya kila baada ya miaka. Kule kumeguka ambako familia ilikuona kuwa ugonjwa ndiko kulikokuwa kunaulinda ukuta. Saruji ilipoziba chini, maji yalipanda kutafuta pa kutokea.

Kuhusu maisha ya familia, jambo lililonishangaza ni kwamba hakuna aliyetaja sabule wakati wa kupanga chumba cha binti. Ramani ilikuwa imefanya kazi yake kwa muda mrefu hivi kwamba hakuna aliyeihesabu kuwa ni kazi. Daka, tekani, sabule, kiwanda, msana, ndani: kila hatua humchuja mtu, na mahali penye hewa na mwanga pamewekwa upande wa wenyeji, si wa wageni. Ukiziba hatua moja katikati, wageni husonga mbele nafasi moja na wenyeji hurudi nyuma nafasi moja, na nyuma ndiko kwenye giza. Kwa hiyo joto na stara havikuwa matatizo mawili katika nyumba hii.

Uamuzi wa kwanza wa kuogopa dari nauelewa. Wangepanda na msumari na patasi nusu siku, wangejua. Desturi ya kujenga juu binti anapoolewa ilikuwa imewapa jibu, na hata wikio, vile vyumba vinavyovuka juu ya njia za Lamu, zilitokana na haja hiyo ya kupata nafasi bila kugusa kiwanda. Hata hivyo desturi ile ilitegemea mwenye nyumba mmoja anayeamua. Hapa warithi ni wengi, na wengine wanaijua nyumba kwa picha za simu, ambazo hazionyeshi upepo. Sasa wameandikiana kwamba hakuna kinachojengwa bila mmoja wa walio mbali kulala hapo angalau usiku mmoja wa kaskazi. Shauri la shimo la jirani bado halijaisha; mama analishughulikia mwenyewe, na amesema wanaume wasiliingilie.